Sikio lile lile, tarehe nne: jinsi tabibu anavyoisoma barua ya mama

Barua yenyewe ilikuwa kwenye karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne. Nimeiunganisha na maelezo ya akina mama wengine wawili watatu niliowahudumia ili asitambulike mtu, lakini maneno ni yao.

«Kwa Mganga Mfawidhi. Yah: maumivu ya sikio na homa za mara kwa mara kwa mwanangu. Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitatu, kilo 12. Tarehe 8 Aprili alianza mafua. Tarehe 11 usiku akawaka moto, akalia mpaka asubuhi huku ameshika sikio la kulia. Kulipokucha nikampeleka zahanati, akapimwa malaria hana, akapewa amoksilini ya maji, kijiko kimoja mara tatu. Siku ya tatu alikuwa anacheza, nikaacha dawa nikaiweka kabatini. Tarehe 19 homa ikarudi, akashika sikio lile lile, nikampa ile iliyobaki, akatulia. Tarehe 14 Mei mafua tena. Usiku wa tarehe 16 alilia sana, alfajiri akanyamaza ghafla, nikakuta mto umelowa usaha. Bibi yake akamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, dukani wakanipa dawa ya matone. Usaha ulikauka siku ya nne. Tarehe 2 Juni akapata homa, mafua hana, akapimwa akakutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto akapona. Leo tarehe 11 Juni hana homa wala halalamiki, ila namwita mara mbili tatu ndipo ageuke, na runinga anaisogelea mpaka karibu aiguse. Miezi miwili sasa sikio linamsumbua. Naomba apewe sindano kali ya kumaliza tatizo.»

Ni barua nzuri kuliko historia nyingi tunazozichukua wenyewe mezani, kwa sababu moja: ina tarehe. Mzazi akija akasema «mtoto anaumwa sikio miezi miwili», maneno hayo yanaweza kubeba mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Huenda ni ugonjwa mmoja ambao haukutibiwa mpaka ukaisha. Huenda ni maambukizi mapya yanayokuja moja baada ya jingine. Huenda maambukizi yalishakwisha na kilichobaki ni maji nyuma ya ngoma ya sikio. Na huenda homa nyingine hazina uhusiano wowote na sikio. Kila moja lina njia yake, na sindano anayoiomba mama haiwezi kuwa jibu la yote manne. Katika barua hii, bahati mbaya au nzuri, yote manne yamo.

Tuanze na usiku wa tarehe 11. Mafua yalianza tarehe 8, sikio likauma siku tatu baadaye, na huo ndio mwendo wa kawaida wa ugonjwa huu. Kutoka sikio la kati, ile nafasi ndogo yenye hewa nyuma ya ngoma, kuna mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua. Kazi yake ni kuingiza hewa na kutoa majimaji. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto wa miaka miwili ni mfupi na umelala karibu sawasawa, halafu mlangoni pake kuna vile vinyama vya pua ambavyo umri huu huwa vikubwa. Mafua yakiingia, njia inavimba na kuziba. Hewa iliyobaki ndani inafyonzwa, majimaji yanajaa, na bakteria waliokuwa wakiishi puani kwa amani wanapata bwawa la kuzaliana. Ngoma inavutwa kwa shinikizo hilo kama puto, na hapo ndipo kilio kinapotoka. Kinazidi usiku kwa sababu mtoto amelala chali na shinikizo halina pa kupungulia.

Kwa hiyo maji ya kuoga hayana hatia hapa, wala upepo, wala nta. Ugonjwa huu unaingilia puani.

Kuna jambo moja barua haisemi: kama kuna mtu aliyeangalia ndani ya sikio tarehe 12. Mtoto wa umri huu kushika sikio si ushahidi tosha, maana watoto hushika masikio wakiota meno, wakiwa na usingizi, au kwa mazoea tu. Hata wekundu wa ngoma haushitaki peke yake, kwa sababu mtoto akilia dakika tano ngoma inakuwa nyekundu. Anachotafuta tabibu mwenye otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuangalia ndani ya sikio, ni ngoma iliyotuna kuelekea nje, imepoteza mng'ao wake na inaonyesha rangi ya usaha nyuma yake. Zahanati nyingi hazina otoskopu inayofanya kazi, au ipo na betri imekufa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa katika vituo vya ngazi ya chini haulazimishi kifaa hicho. Unauliza tu: sikio linauma? Linatoa usaha, na kwa siku ngapi? Kuna uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio? Kwa mafua yaliyotangulia, homa na kilio cha usiku kucha, nakubali kwamba tarehe 11 ilikuwa sikio.

Sasa tuje kwenye chupa. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kisa kilipopindia.

Amoksilini ya maji aliyopewa ni ile inayouzwa ikiwa unga kwenye chupa, unaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama. Ya kawaida ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Kijiko kimoja mara tatu ni miligramu 375 kwa siku. Mwongozo nilioutaja unataka miligramu 80 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa asubuhi na jioni, kwa siku tano. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 960. Kwa vitendo anapewa vidonge vya kuyeyusha vya 250, viwili asubuhi na viwili jioni, jumla 1000. Linganisha na 375: mtoto huyu alikuwa anapata kidogo zaidi ya theluthi ya dozi, tena kwa siku tatu badala ya tano.

Mtu atauliza, kiwango kikubwa hivyo cha nini? Ni kwamba dawa inatakiwa kufika kwenye nafasi iliyozibwa na kujaa usaha, na baadhi ya bakteria wa nimonia, ambao ni miongoni mwa wasababishi wakuu wa ugonjwa huu, wamejifunza kuvumilia kiasi kidogo. Kiasi kikubwa bado kinawashinda wengi wao. Na kama ungetaka kumpa mtoto huyu dozi sahihi kwa chupa ile ya 125, angekunywa mililita 20 asubuhi na 20 jioni, yaani chupa ya mililita 100 ingeisha siku ya tatu mchana. Ukipewa chupa moja ya namna hiyo kwa mtoto wa kilo 12, jua hesabu haijakaa sawa, rudi dirishani uulize. Kijiko nacho ni tatizo lake. Vijiko vya chai vya nyumbani havina ukubwa mmoja, na nimewahi kupima cha mama mmoja kikachukua mililita tatu tu. Bomba la sindano lisilo na sindano linapima vizuri zaidi.

Basi kwa nini siku ya tatu mtoto alikuwa anacheza? Kwa sababu maumivu ya sikio, kwa watoto walio wengi, hupungua ndani ya siku mbili tatu hata bila kiuavijasumu chochote. Mwili unapigana wenyewe. Ndiyo maana kwingineko, mtoto aliyevuka miaka miwili mwenye sikio moja linalouma na homa si kali hupewa dawa ya maumivu tu na kuangaliwa kwa saa 48 hadi 72. Huku kwetu, ambako kurudi zahanati ni nauli na siku nzima ya kazi, ni salama zaidi kumtibu papo hapo. Lakini nafuu ya siku ya tatu ilimdanganya mama. Alidhani dawa imemaliza kazi.

Homa ya tarehe 19 ilikuja siku tano tu baada ya kuacha dawa, sikio lile lile, bila mafua mapya. Mimi nasoma hapo ugonjwa ule ule wa tarehe 11 ukirudi, si wa pili. Aliyopewa safari hii ni masalio ya chupa iliyokwisha kuchanganywa wiki nzima na kukaa kabatini. Chapa nyingi za dawa hii hudumu siku saba baada ya kuongezwa maji, nyingine hufika 14 zikiwekwa kwenye friji. Baada ya hapo kilichomo chupani kina ladha ya dawa, lakini nguvu yake hakuna anayeijua. Kwa hiyo siwezi kusema mtoto alipona kwa dawa ile. Alipona, basi.

Kisha zinapita siku 25 bila neno. Mama hakuandika chochote juu ya siku hizo, na ndizo siku zinazonisaidia kuliko zote. Mtoto aliyekaa wiki tatu na nusu bila homa, anakula, anacheza, halafu akapata mafua mapya na siku mbili baadaye sikio likauma, huyo amepata maambukizi mapya. Tarehe 14 Mei ni mwanzo wa kisa cha pili. Akina mama wengi huruka siku za uzima wanaposimulia, kwa sababu hakuna cha kusimulia, nasi tusipouliza tunaunganisha visa viwili kuwa kimoja kirefu na kumwita mtoto «sugu».

Alfajiri ya tarehe 17 mtoto akanyamaza. Ukimya huo huwatisha wazazi, na usaha kwenye mto unawatisha zaidi. Kilichotokea ni kwamba ngoma ilitoboka, usaha ukapata mlango, shinikizo likashuka, maumivu yakaisha pale pale. Tundu la namna hiyo mara nyingi ni dogo na huziba lenyewe ndani ya wiki chache. Usaha uliodumu siku nne uko mbali na mpaka wa siku 14 unaotenganisha sikio la muda mfupi na sikio sugu. Kwa hiyo jibu la swali lililojificha kwenye barua, kama mtoto ana sikio sugu, ni hapana. Sikio sugu ni lile linalotoa majimaji wiki mbili na kuendelea, mara nyingi bila maumivu wala homa, na matibabu yake ni mengine: kulikausha kila siku na matone maalumu ya kiuavijasumu kwa siku 14.

Mafuta ya nazi yalitiwa kwa nia njema, na bibi hakuyabuni. Lakini tundu likishatokea, chochote unachomimina kinapita moja kwa moja mpaka sikio la kati. Mafuta, maziwa ya mama, maji ya majani, vyote vinaingia na uchafu wake. Na ile «dawa ya matone» isiyotajwa jina inanisumbua zaidi ya mafuta. Matone mengine yana jentamaisini au dawa za jamii yake, ambazo zikipita kwenye tundu zinaweza kudhuru sehemu ya ndani inayosikia. Hiyo chupa ningependa kuiona kwa macho.

Sikio linalotoka usaha linatakiwa kukaushwa kwa utambi. Unachukua kipande cha kitambaa safi cha pamba au karatasi laini isiyochanika ikilowa, unakisokota kiwe na ncha. Unamlaza mtoto upande, unavuta sikio taratibu nyuma, unaingiza utambi mpaka ulowe, unautoa, unaweka mwingine mpya, mpaka utakapotoka mkavu. Mara tatu kwa siku. Utambi hauachwi ndani ya sikio, na vijiti vya pamba havitumiki, maana vinausukuma uchafu ndani na ncha yake ni ngumu. Maji yasiingie mpaka sikio lipone.

Tarehe 2 Juni mama ameihesabu kama sikio kurudi mara ya nne. Isome tena: homa, mafua hana, sikio halikutajwa, kipimo cha malaria kimeona, dawa ya mseto imemponya. Hiyo ni malaria. Iliingia kwenye orodha kwa sababu ilikuja wakati familia nzima inalinda sikio.

Niongeze tahadhari mbili kuhusu kipimo, kwa kuwa kinachanganya hata sisi. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kama mtoto angekuwa ametibiwa malaria katikati ya Mei, majibu ya Juni yangehitaji hadubini kuthibitisha. Huyu hakutibiwa malaria Mei, na Aprili alipimwa akawa hana, hivyo nayaamini. Tahadhari ya pili ni kwamba kuwa na malaria hakumzuii mtoto kuwa na sikio siku hiyo hiyo. Mwenye homa na kipimo kilichoona bado anatakiwa kuangaliwa masikio, koo na kifua, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, mstari ukionekana kwenye kipimo tunafunga daftari.

Ukiondoa malaria, na ukiweka tarehe 19 chini ya tarehe 11, mara nne zinabaki mbili. Na idadi ina maana yake. Wataalamu huliita tatizo la kurudiarudia pale mtoto anapopata maambukizi mapya matatu ndani ya miezi sita, au manne ndani ya mwaka. Mtoto huyu hajafika. Akipata jingine la kweli kabla ya katikati ya Oktoba atakuwa amefika, na hapo ni haki yake kuonwa na bingwa wa masikio, pua na koo, aangaliwe vinyama vya pua, na mahali penye huduma hiyo azungumziwe habari ya kuwekewa kijirija kidogo kwenye ngoma kinachopitisha hewa.

Lililobaki ni lile ambalo mama aliliandika kwa «ila», kama kitu cha pembeni, nami ndilo lililonifanya nimjibu siku hiyo hiyo. Namwita mara mbili tatu ndipo ageuke.

Maambukizi yakiisha, maji hayatoki siku hiyo. Mwezi mmoja baadaye takriban watoto 4 kati ya 10 bado wana majimaji nyuma ya ngoma, na kufikia miezi mitatu hubaki kama 1 kati ya 10. Maji hayo hayaumi na hayaleti homa, lakini ngoma haitikisiki vizuri, na mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni. Kutoka tarehe 16 Mei hadi 11 Juni ni siku 26. Kwa hiyo kusikia kwake vibaya leo kunatarajiwa, na mara nyingi kutaondoka kwenyewe. Kiuavijasumu hakikaushi maji haya, cha kumeza wala cha sindano. Sindano kali aliyoiomba, kwa kawaida seftriaksoni, ina kazi kwa mtoto anayetapika kila dawa au mwenye dalili za hatari. Kwa maji yasiyo na maambukizi ingemchoma paja bure.

Kinachotakiwa ni tarehe ya kurudi. Ikifika katikati ya Agosti, miezi mitatu, na bado hageuki, anahitaji kupimwa usikivu na kupewa rufaa, maana umri huu ndio wa kuokota maneno. Akiwa anachelewa kusema tayari, hatungoji Agosti.

Jibu langu lilikuwa fupi. Nilimwomba aje naye wiki hiyo ili nimtazame masikio yote mawili. Nilimwuliza mambo ambayo barua haikuwa nayo: kama anakoroma na kulala mdomo wazi, kama hupewa chupa ya maziwa akiwa amelala chali, kama kuna anayevuta sigara ndani au jiko la kuni karibu na anapolala, na kama alipata chanjo zote tatu za nimonia, zile zinazoandikwa PCV kwenye kadi kwa wiki ya 6, 10 na 14. Nilimwambia pia tutampima VVU kama hajawahi kupimwa, kwa kuwa maambukizi yanayojirudia ni mojawapo ya sababu za kupima.

Nikamwandikia kwamba sikio likiuma tena usiku, ampe parasetamoli ya maji ya 120 kwa mililita 5, mililita 7.5 kwa kilo zake, kila baada ya saa sita, asizidishe mara nne kwa siku, na asubuhi aje. Asingoje asubuhi akiona uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma sikio mbele, shingo ikikakamaa, mtoto akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, akishindwa kunywa, au uso ukipinda upande mmoja.

Mstari wa mwisho ulikuwa: «Uje na kadi ya kliniki, na chupa zote mbili, ile ya amoksilini na ile ya matone, hata kama ni tupu.»